Kosa ni lile lile la dakika 5, R² ni 0.88, kisha 0.42, kisha hasi: mwongozo wa kusoma RMSE, MAE, R² na R² iliyorekebishwa

Umetengeneza modeli ya kubashiri namba fulani, programu imekutolea vipimo vinne, na kila kimoja kinasema lake. Kimoja kinaisifu modeli, kingine kinaiponda. Vyote vimekokotolewa sawasawa, ila kila kimoja kinajibu swali lake, na maswali hayo hayajaandikwa popote kwenye skrini. Hapa tutayatoa hadharani kwa kutumia data ndogo ambayo unaweza kuihakiki kwa kalamu na karatasi.

Tuna safari nane za kupeleka mizigo. Tunajua kila moja ilichukua dakika ngapi, na tuna modeli mbili zilizobashiri muda huo kabla gari halijaondoka.

| Safari | Halisi | Modeli A | Modeli B |
|---|---|---|---|
| 1 | 10 | 11 | 15 |
| 2 | 14 | 13 | 9 |
| 3 | 16 | 17 | 21 |
| 4 | 20 | 19 | 15 |
| 5 | 24 | 25 | 29 |
| 6 | 26 | 25 | 21 |
| 7 | 30 | 31 | 35 |
| 8 | 60 | 40 | 55 |

Iangalie kwanza kwa macho. Modeli A inakosea dakika moja tu katika safari saba, halafu ya nane inaanguka kwa dakika 20. Modeli B hukosea dakika 5 kila mara, haizidi wala haipungui. Ipi ni bora? Shika jibu lako moyoni kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 1: Kokotoa makosa, kisha MAE na RMSE bega kwa bega

Kosa ni thamani halisi kutoa ubashiri. Kwa MAE, yaani wastani wa makosa bila kujali alama, unaondoa alama ya hasi, unajumlisha, unagawanya kwa idadi. Modeli A ina makosa saba ya 1 na moja la 20, jumla 27. Ukigawa kwa 8 unapata 3.4. Modeli B inapata 5 kamili.

Kwa RMSE, unakizidisha kila kosa kwa lenyewe, unatafuta wastani wa miraba hiyo, kisha unachukua kipeuo cha pili ili urudi kwenye dakika. Miraba ya Modeli A ni 7 kutoka safari saba za kwanza na 400 kutoka ile ya nane, jumla 407. Gawa kwa 8, chukua kipeuo, unapata 7.1. Modeli B inabaki na 5.

Kwa hiyo MAE inasema A ndiyo bora, 3.4 dhidi ya 5. RMSE inasema B ndiyo bora, 5 dhidi ya 7.1. Data ni ile ile, na hakuna aliyekosea hesabu.

Tazama ile 407 tena. Kati yake, 400 imetoka safari moja, yaani asilimia 98. RMSE ya Modeli A kwa hakika ni habari ya safari ya nane, na zile saba hazina sauti. Hapo ndipo RMSE inapopotosha. Msomaji akiona "7.1" anadhani modeli hukosea dakika saba hivi kila safari, wakati hakuna hata safari moja iliyokosewa dakika saba.

MAE nayo inapotosha kwa upande wa pili. "3.4" inamfanya mtu aamini kwamba hakuna balaa, na ile safari iliyochelewa dakika 20 imezama ndani ya wastani.

Ndiyo maana mimi siripoti kimoja bila kingine. RMSE haiwezi kuwa ndogo kuliko MAE. Zikilingana, makosa yote yana ukubwa mmoja, kama ilivyo kwa B. Makosa yakitawanyika kwa umbo la kengele, RMSE huwa takriban mara 1.25 ya MAE. Kwa A uwiano ni 7.1 kwa 3.4, yaani mara 2.1. Ukiona uwiano umepanda hivyo, acha kulinganisha modeli kwanza, panga makosa yako kuanzia kubwa hadi dogo, na usome safu za juu moja moja.

Ukiisoma safari ya nane, kuna mawili. Huenda dakika 60 ni kweli: njia ilifungwa, na safari za namna hiyo zitarudi. Basi A ina udhaifu wa kweli, na RMSE imekuonya inavyotakiwa. Au huenda aliyeingiza data alikusudia 40 akabonyeza 60. Ukirekebisha, kosa la A katika safari hiyo linakuwa sifuri, RMSE yake inashuka kutoka 7.1 hadi 0.9, na B haina tena cha kujitetea. Tarakimu moja iliyobonyezwa vibaya ndiyo ilikuwa inachagua modeli. Hakuna fomula itakayokuambia ni lipi kati ya haya mawili. Lazima umuulize aliyeandika data.

Ikiwa dakika 60 ni za kweli, uamuzi unategemea gharama ya kosa. Ikiwa kuchelewa dakika 20 kunaumiza mara mbili ya kuchelewa dakika 10, MAE inafuata hali halisi. Ikiwa dakika 10 zinavumilika lakini 20 zinaharibu kazi yote, RMSE iko karibu zaidi na ukweli. Swali hilo ni la mwenye kazi, na takwimu haziwezi kumjibia.

## Hatua ya 2: Jua kila kipimo kinaivuta modeli wapi

Hili watu wengi hulipita, nami nililipita kwa muda mrefu. Tuseme huna modeli kabisa, unaruhusiwa kubashiri namba moja tu kwa safari zote nane. Ukitaka RMSE iwe ndogo kuliko zote, namba hiyo ni wastani, dakika 25. Ukitaka MAE iwe ndogo kuliko zote, ni namba ya katikati baada ya kuzipanga, yaani popote kati ya 20 na 24. Tuchukue 22.

Tofauti ya 25 na 22 inaonekana ndogo hadi uanze kujumlisha. Safari nane zimechukua dakika 200 kwa jumla. Ukibashiri 25 kila moja, unapata 200. Ukibashiri 22, unapata 176, na dereva wako amekosa dakika 24 kwenye ratiba. Modeli iliyofunzwa kupunguza MAE, ikikutana na data yenye mkia mrefu upande wa juu, hubashiri chini ya jumla halisi bila kuonekana kuwa na kasoro.

Hali mbaya kabisa ni data yenye sifuri nyingi. Chukua kipuri kinachohitajika kwa nadra: katika siku kumi, siku sita hakitakiwi kabisa, siku nne vinatakiwa vitano. Modeli inayosema "sifuri" kila siku inapata MAE ya 2. Modeli inayosema "viwili" kila siku, ambao ndio wastani wa kweli, inapata MAE ya 2.4. Kwa MAE, modeli isiyoagiza kipuri hata kimoja imeshinda! RMSE inaligeuza jambo: 3.2 kwa anayesema sifuri, 2.4 kwa anayesema viwili. Basi zaidi ya nusu ya data yako ikiwa ni sifuri, usichague modeli kwa MAE peke yake.

## Hatua ya 3: Unaposoma R², soma kwanza kilicho chini ya mstari

R² ndiyo inayopendwa kuliko zote kwa sababu haina kizio. Dakika, kilo au digrii, yote inaonekana kama alama ya mtihani. Fomula yake ni hii:

```
R² = 1 - SSE / SST
```

`SSE` ni jumla ya miraba ya makosa ya modeli yako. `SST` ni jumla ya miraba ya makosa ambayo angepata mtu asiye na modeli, anayebashiri wastani tu kila mara. Kwa hiyo R² ni mashindano kati yako na mtu huyo. Haikuambii unakosea kiasi gani, inakuambia umemshinda kwa kiasi gani.

Kwa safari zetu nane wastani ni 25, na ukijumlisha miraba ya umbali wa kila safari kutoka 25 unapata 1704. Modeli A: 1 kutoa 407/1704, ni 0.76. Modeli B: SSE yake ni 200, na R² ni 0.88.

Sasa ondoa safari ya nane. Zimebaki saba, wastani wake ni 20, na SST imeporomoka kutoka 1704 hadi 304. Modeli B haijabadilika hata chembe, bado inakosea dakika 5 kila safari. Lakini SSE yake sasa ni 175, na R² ni 1 kutoa 175/304, yaani 0.42.

Endelea. Chukua safari tatu za barabara moja, za dakika 18, 20 na 22, na modeli inayokosea dakika 5 zile zile. SSE ni 75, SST ni 8 tu, na R² inakuwa hasi 8.4. Wengine wakiona R² hasi hukimbilia kutafuta hitilafu ya programu. Haipo. Maana yake ni kwamba kwa safari hizi tatu, mtu aliyebashiri 20 kila mara amekushinda vibaya.

Kosa la dakika 5 limeitwa 0.88, likaitwa 0.42, likaitwa hasi 8.4. Kilichobadilika ni mtawanyiko wa data iliyo chini ya mstari. Kutokana na hapo unapata makatazo mawili. Usilinganishe R² ya data moja na R² ya data nyingine, kwa mfano mji huu na mji ule, au mwaka huu na uliopita, bila kuweka RMSE kando yake. Na usiilinganishe R² ya modeli inayobashiri dakika na ya modeli inayobashiri logi ya dakika, kwa kuwa SST zake zimepimwa kwa vizio tofauti. Rudisha ubashiri wa logi kwenye dakika kwanza, kisha kokotoa upya.

Kuna mtego mwingine hapo hapo: yule mpinzani anayebashiri wastani huenda ni dhaifu mno. Tuseme kitu kinapanda kila siku: 100, 110, 120, hadi 190 siku ya kumi. "Modeli" yako ni kunakili namba ya jana, hivyo inakosea 10 kila siku. SSE ni 1000, SST ni 8250, na R² ni 0.88. Kunakili jana kumepata alama sawa na Modeli B! Kwenye data inayopanda au kushuka na wakati, wastani wa kipindi chote si mpinzani wa maana. Weka makosa ya aliyenakili jana mahali pa SST, kisha uone umebakiwa na nini.

Na hata R² ikiwa nzuri, haijui umbo. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne za data, kila moja na nukta 11, ambazo zote hutoa mstari ule ule wa rigresheni na R² ya 0.67. Ukizichora, moja ni mtawanyiko wa kawaida, ya pili ni mpindo, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyojitenga, na ya nne ina nukta zote zilizorundikana kwenye thamani moja ya x isipokuwa moja iliyo mbali. Dawa ni kuchora makosa dhidi ya ubashiri. Ukiona mpindo au faneli, R² haijakueleza habari yote.

## Hatua ya 4: R² iliyorekebishwa, na kikomo chake

Katika rigresheni ya kawaida, kila ukiongeza kigeu, R² ya data ya mafunzo hupanda au hubaki palepale. Haishuki kamwe, hata kigeu hicho kikiwa namba za kubahatisha. Jaribu mwenyewe:

```python
import numpy as np
from sklearn.linear_model import LinearRegression
rng = np.random.default_rng(1)
y = rng.normal(size=31)
X = rng.normal(size=(31, 10))
print(LinearRegression().fit(X, y).score(X, y))
```

Hapa hakuna uhusiano wowote kati ya `X` na `y`. Badilisha ile 1 ya `default_rng` mara nyingi, na wastani wa majibu utakaribia 10/30, yaani 0.33. Theluthi moja ya mtawanyiko "imeelezwa" na bahati nasibu. Marekebisho yanakuja kulipunguza hilo:

```
R²adj = 1 - (1 - R²) * (n - 1) / (n - p - 1)
```

`n` ni idadi ya safu za data, `p` ni idadi ya vigeu. Weka 0.33, 31 na 10: inatoka sifuri. Ndivyo inavyotakiwa.

Irudie kwa Modeli B yenye R² ya 0.88 kwenye safari nane. Kama ilijengwa kwa vigeu vitatu, iliyorekebishwa ni 0.79. Kama ni vitano, 0.59. Kama ni sita, 0.18. Pengo kubwa kati ya R² mbili ni dalili kwamba vigeu vimekuwa vingi kuliko data inavyoweza kubeba.

Inapopotosha ni kwamba ni mpole kupita kiasi. Inapanda kila kigeu kipya kinapokuwa na takwimu ya t iliyozidi 1 kwa ukubwa, na kigeu cha kubahatisha huvuka kizingiti hicho karibu mara moja katika kila tatu. Chukua vigeu 20 visivyo na maana yoyote, kijaribu kimoja kimoja, na utarajie sita hivi "viboreshe" modeli. Ukibakiza hivyo sita na kutupa 14, fomula itahesabu `p` kuwa 6. Haina habari na wale 14 uliowaonja ukawatema. Namba itatoka nzuri, nayo itakuwa ya uongo.

Pia inategemea `p` iwe na maana. Kwa modeli za miti au mitandao ya neva, idadi ya vigeu haisemi modeli ina uhuru kiasi gani, basi usiitumie huko. Na usiirekebishe R² iliyokokotolewa kwenye data ambayo modeli haijaiona, kwani marekebisho haya ni ya data ya mafunzo. Kwenye data mpya, R² ya kawaida inatosha.

## Hatua ya 5: Mitego miwili ya kibodi

Wa kwanza ulinipata mimi. Nililinganisha modeli mbili kwa wiki nzima nikiwa nimegeuza mpangilio ndani ya `r2_score`, ubashiri mbele na halisi nyuma. Sikugundua kwa sababu RMSE na MAE hazijali mpangilio, namba zake zilitoka sahihi. R² inajali, kwa kuwa SST hukokotolewa kutoka kwa kilichotangulia.

```python
from sklearn.metrics import r2_score
y = [10, 14, 16, 20, 24, 26, 30, 60]
a = [11, 13, 17, 19, 25, 25, 31, 40]
print(r2_score(y, a))   # 0.76
print(r2_score(a, y))   # 0.38
```

Halisi kwanza, ubashiri baadaye.

Mtego wa pili uko kwenye `statsmodels`. Darasa la `OLS` haliongezi namba ya kuanzia ya mstari lenyewe, ni lazima uite `sm.add_constant(X)`. Ukisahau, jedwali litaandika `R-squared (uncentered)`, na hapo SST imepimwa kutoka sifuri badala ya wastani. Kwa safari zetu SST hiyo ni 6704 badala ya 1704, na makosa yale yale ya Modeli A yangepanda kutoka 0.76 hadi 0.94. Ukiona neno `uncentered`, usiiweke namba hiyo karibu na R² nyingine yoyote.

## Hatua ya 6: Andika ripoti ambayo haiwezi kusomwa vibaya

Hivi ndivyo ningeandika kuhusu modeli zetu: "Safari 8. A: MAE dakika 3.4, RMSE 7.1, kosa kubwa kuliko yote 20 (safari ya 8, dakika 60, haijathibitishwa). B: MAE 5, RMSE 5, kosa kubwa 5. Anayebashiri wastani wa 25 kila mara: MAE 10.2, RMSE 14.6. Bila safari ya 8: A 1 na 1, B 5 na 5." R² ningeiweka mwishoni, ikiwa na SST yake kando, na ile iliyorekebishwa ningeiandika tu kama naweza pia kutaja ni vigeu vingapi vilijaribiwa kabla ya hivi vilivyobaki.